Kuoanisha Simu na Kitasa Janja

Ukifungua mipangilio ya bluututhi kwenye simu ya Android iliyowekwa Kiswahili, utakutana na maneno "Oanisha kifaa kipya". Kwingineko simu hiyohiyo itakuambia "Unganisha". Watu wengi huyachukua maneno haya mawili kuwa ni kitu kimoja, na kwa spika ya muziki hakuna kinachoharibika. Kwa kitasa cha mlango tofauti yake ni kubwa, na huonekana siku betri inapokwisha.

Kuoana kwa vitu ni kuchukuana, kimoja kukubaliana na kingine. Kitasa janja kinapotoka dukani hakina mwenyewe. Unagusa vitufe vyake vya namba viwake, unafungua programu ya mtengenezaji kwenye simu, kisha simu na kitasa vinatengeneza siri ya pamoja, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu ambao kila upande unabaki na nakala yake. Huko ndiko kuoanisha, na hufanyika mara moja tu. Kwa vitasa vingi simu ya kwanza huwa ndiyo mmiliki, na kitasa hakikubali mmiliki mwingine mpaka yule wa kwanza ajiondoe au mtu abonyeze kitufe cha kufuta kumbukumbu, ambacho kwa kawaida kiko upande wa ndani ya mlango. Kuunganisha ni jambo la kila siku: unakaribia mlango, simu inathibitisha kwamba bado ina ile siri, mota inarudisha ulimi wa kitasa, na ukiondoka mawasiliano yanakatika.

Siri hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Kwa hiyo betri ikifa, kuoanisha hakufi. Kinachokufa ni redio na mota, ndiyo maana simu yenye chaji tele haikioni kitasa hata ukiishika pale pale mlangoni. Hapo ndipo wenye nyumba wengi hukosea: wanadhani simu imesahau kitasa, wanakifuta kwenye programu ili waanze upya. Wakishafanya hivyo, kwenye baadhi ya vitasa nakala ya simu imepotea lakini ya kitasa ipo palepale, na umeme ukirudi kitasa kinamkataa mwenyewe kwa sababu kinaamini kina mmiliki tayari.

Chukua mfano wa mama mwenye nyumba ya kupangisha wageni Sinza, Dar es Salaam, naye anaishi Mwanza. Kitasa chake kinatumia betri 4 za AA, kila moja volti 1.5, jumla volti 6. Mgeni anafika saa tano usiku, anagusa vitufe, haviwaki. Namba ya siri aliyotumiwa ni sahihi, ila hakuna wa kuisoma. Chini ya kitasa, upande wa nje, kuna ncha mbili za chuma au tundu la USB-C lililofunikwa kwa mpira. Penye chuma unagusisha betri ya mstatili ya volti 9. Vitufe visipowaka, igeuze. Penye tundu unachomeka pawa benki. Umeme huu haufungui mlango. Unakiamsha kitasa tu, na mgeni lazima aingize namba yake huku bado ameishikilia betri mpaka ulimi urudi ndani. Pawa benki nayo isiachwe ikingoja, kwa kuwa nyingi hujizima zikiona kinachotumika ni kidogo mno.

Njia ya akiba iliyo imara kuliko zote ni ufunguo wa chuma, kwa kitasa chenye tundu lake, ambalo mara nyingi hufichwa chini ya kifuniko kidogo. Nasema akiba, wala si mbadala, kwa sababu akiba huwekwa kando kabla ya shida. Mama yule ampe jirani ufunguo mmoja. Ukikaa kwenye droo ya chumbani haumsaidii aliye nje. Na ujaribiwe kila baada ya miezi michache, maana tundu lisilotumika huingia vumbi na kukaza.

Betri mpya ziwe za alkalaini, zote 4 kwa pamoja. Za kuchajiwa kwa kawaida ni za volti 1.2 tu, kitasa kikazipima vibaya. Za lithiamu hushikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho kisha hushuka ghafla, hivyo onyo la betri huja likiwa limechelewa.

Baada ya kuzibadilisha hakuna haja ya kuoanisha tena. Kilichobaki ni kukagua saa ya ndani. Kwenye baadhi ya vitasa saa hiyo hupotea umeme ukikatika, na namba za siri za muda, kama zile za wageni wa siku mbili, hukataliwa hata zikiwa sahihi. Mtu mwenye simu iliyooanishwa asimame karibu na mlango, aunganishe, achague kusawazisha saa ndani ya programu, kisha mgeni ajaribu namba yake mlango ukiwa wazi.