Upeo wa manufaa kwenye mstari wa bajeti

Upeo wa manufaa ni tatizo la uchumi la kutafuta mchanganyiko wa bidhaa unaomridhisha mlaji kuliko yote kwa kipato alicho nacho. Tuseme manufaa ni u = xy, x ikiwa kilo za mchele kwa shilingi 2,000 na y kilo za unga kwa shilingi 1,000, na kipato ni shilingi 12,000.

Kwa njia ya kubadilisha, mstari wa bajeti hutoa y = 12 − 2x, hivyo u = 12x − 2x². Ongezeko la u hukoma pale 12 − 4x = 0: x = 3, y = 6, u = 18.

Njia ya kizidisho, yenye jina la Joseph-Louis Lagrange (1736–1813), huunda

L = xy + λ(12000 − 2000x − 1000y)

Masharti yake ni y = 2000λ na x = 1000λ, yaani y = 2x. Jibu ni lilelile, ila hapa hupatikana pia λ = 0.003: shilingi moja zaidi ya kipato huongeza manufaa kwa takriban kiasi hicho.

Kama u = x + y, masharti hupingana, λ ikidaiwa kuwa 1/2000 na 1/1000 kwa pamoja. Hiyo ni dalili kwamba jibu liko pembeni mwa mstari: kilo 12 za unga, bila mchele.