Mkubwa wa zamani akikuita tena kwa kontra fupi: namna ya kukataa

Kamina ni muji wa reli, na watu wanafahamiana. Mukubwa wa zamani anaweza kuwa jirani, ao mzee wa kanisa. Ndiyo sababu akipiga simu na kusema «rudia kwetu miezi mitatu tu», mtu mwingi anajibu «ndiyo, papa» mbele ya kufanya hesabu.

Sheria iko wazi. Kodi ya Kazi, ni kusema Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kontra inatoka kwa mapatano ya watu wawili, na inakataza kazi ya kulazimishwa. Kwa hiyo ile simu ni mwaliko tu. Kukataa hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kinachosumbua kabisa ni heshima, na kile mtu angepoteza kama angekubali.

Tuchukue mfano. Mtunza depo mmoja anafanya kazi mahali papya miaka 4 kamili, kwa kontra isiyo na mwisho, na analipwa dola 200 kwa mwezi. Patro wa zamani anamuahidi dola 350 kwa miezi 3, na anataka aanze siku ya kwanza ya juma lijalo. Faida ni dola 150 mara tatu, yaani 450. Inaonekana nzuri. Lakini kontra ikiisha na yeye akakosa kazi, zile 450 zinafika miezi miwili na siku chache za mshahara wake wa sasa, basi zimekwisha.

Kisha kuna preavi. Patro anayemwachisha mfanyakazi wa kontra isiyo na mwisho anapaswa kumpa siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Kwa miaka 4 ni 14 na 28, jumla 42. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anapaswa kutoa nusu, ni kusema siku 21 za kazi, kwa maandishi. Kwa patro, hicho ni kima cha chini; kwa mfanyakazi, nusu ya ile ya patro haiwezi kupitishwa. Mapatano ya kampuni yanaweza kuongeza siku za patro. Akikimbia juma lijalo, patro wa sasa anaweza kumdai malipo ya hizo siku. Na akirudi kisha miezi mitatu, hata wakimpokea, hesabu ya miaka yake inaanzia sufuri.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Mfanyakazi haruhusiwi kufanya zaidi ya kontra mbili za muda na patro mmoja, wala kuifanya upya zaidi ya mara moja, isipokuwa kazi za musimu, kazi fulani iliyoelezwa wazi, na zingine ambazo waziri amezitaja. Kontra ya tatu inageuka moja kwa moja kuwa isiyo na mwisho. Kama huyu mtu alikuwa na mbili pale zamani, patro anaweza kumletea karatasi yenye jina lingine, kama «msaada wa kipekee». Hapo kukataa kunakuwa rahisi: jina likibadilika na kazi ikiwa ileile, kwa saa zilezile na chini ya mukubwa yuleyule, aliyealikwa ana haki ya kuwa na mashaka.

Sasa maneno. Kwanza aseme kwa mdomo, maana barua peke yake, kwa mtu aliyemfundisha kazi, inaweza kumuumiza: «Aksanti, papa, kwa kunikumbuka. Niko na kazi, na siwezi kuiacha.» Sababu moja ya kweli inatosha. Akisema «mama ni mgonjwa», patro atangoja mama apone, kisha atapiga tena. Akisema «labda mwezi ujao», wataandika jina lake kwenye programu.

Kisha, siku mbili zisipite, barua fupi yenye tarehe:

«Bwana Direkta, nashukuru kwa mwaliko wenu wa kazi ya miezi mitatu. Siwezi kuukubali, kwa sababu niko chini ya kontra nyingine. Nawatakia kazi njema.»

Abaki na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Hiyo inasaidia kama kuna mtu atakayesema kwamba alikubali.

Mtego unaokuja nyuma ni wa pole pole: «basi kuja tu jumamosi kutuonyesha vitabu». Kumwonyesha mtu mpya saa moja ni upole. Lakini jumamosi ya tatu, huko ni kufanya kazi bila karatasi wala malipo, na patro wa sasa akisikia ana neno la kusema. Afazali aweke mpaka siku ya kwanza: jioni moja, kwa simu, kuhusu vitabu alivyoviacha yeye mwenyewe.

Patro wa zamani akikasirika na kukataa kumpa hati ya kazi aliyofanya, hiyo ni haki yake kwa sheria: inaonyesha kazi ilikuwa gani na tarehe za kuanza na kumaliza. Aende kwa enspekteri wa kazi, ambako ndiko ugomvi wa namna hii unapita kwanza mbele ya tribinali.

Wafanyakazi wa Serikali wenye matrikule wana sheria yao nyingine. Hesabu ya hapa si yao.