Unyambuaji kwa logi

Unyambuaji kwa logi ni njia ya kutafuta kinyambuo (kasi ya badiliko) cha funksheni yenye kigeu kwenye kizio na kwenye kipeo pia, kama y = x^x. Kanuni ya x^n hutaka kipeo kisibadilike, na ile ya a^x hutaka kizio kisibadilike. Hapa vyote viwili hubadilika.

Kwanza huchukuliwa logi asilia ya pande zote, ili kipeo kishuke: ln y = x ln x, ambapo x > 0. Kunyambua pande zote hutoa y′/y = ln x + 1. Mara nyingi mwanafunzi huishia hapo, akisahau kuzidisha kwa y. Jibu kamili ni y′ = x^x(ln x + 1).

Kwa x = 2, mteremko ni takriban 6.77, kanuni ya x^n peke yake ingetoa 4.