Simu ya Video: Kuboresha Picha Yake

Simu ya video ni mazungumzo ya masafa ambayo kila msemaji humwona mwenziwe katika kioo cha simu au cha kompyuta, na uzuri wa picha yake hutegemea mambo manne, yaani kimo cha kamera, nuru, mandhari ya nyuma, na wasaa wa mtandao. Aghalabu watu huyatazama mambo haya moja moja, na wengine hukimbilia kununua kamera mpya. Walakini yamefungamana yote, na lenye athari kubwa kupita mengine ni nuru, kwa kuwa picha iliyochukuliwa gizani huharibika mara mbili, kwanza ndani ya kamera, kisha njiani.

Mwangaza unapopungua, kamera ndogo ya kompyuta huirefushia kila picha muda wa kupokea nuru, na hapo picha 30 za kila sekunde yamkini zikashuka hadi 15, ndipo mkono unaopungwa ukaacha mkia wa ukungu nyuma yake. Hali kadhalika kamera huitia nguvu nuru hiyo haba, na pamoja nayo huzuka chembechembe zinazochezacheza usoni na ukutani kama vumbi. Madhara ya chembe hizo hayaishii machoni. Programu huibana picha kabla ya kuipeleka, kwa kuziacha sehemu zisizobadilika tangu picha iliyotangulia. Nazo chembe hubadilika kila mara, basi ukuta uliotulia tuli huhesabiwa kuwa unatikisika, na mtandao dhaifu ukatwikwa mzigo usio na faida.

Nuru ya dirisha ni bora, maadamu iko mbele ya msemaji au ubavuni kidogo. Ikiwa nyuma yake, kamera huupima mwangaza wa picha nzima, ikapunguza nuru kwa ajili ya dirisha, na uso ukabaki kivuli kitupu. Usiku, taa ya mezani inayoelekezwa kwenye ukuta mweupe ulio mbele ya msemaji hufaa kuliko taa ya dari, ambayo hutia giza machoni.

Kamera nayo sharti iwe sawa na macho. Kompyuta mpakato iliyowekwa mezani humtazama mtu kutoka chini, ikaonyesha kidevu na feni ya dari. Vitabu vizito vya kuiinua sentimita 15 au 20 hutosha. Simu na iegemezwe, isishikwe, kwani mkono unaotikisika huibadilisha picha nzima, na mzigo wa mtandao ukaongezeka.

Kufifisha mandhari ya nyuma ni kazi ya kukisia: programu hutenga mtu na ukuta, tena hufanya hivyo katika chombo cha msemaji mwenyewe. Kikombe kinachoinuliwa huweza kutoweka, na ukingo wa ushungi ukameguka. Kompyuta kuukuu hupata moto, feni yake ikavuma, na picha ikakwama. Ipo njia sahali ya kuijua asili ya mushkili: picha yako ikikwama hata katika kioo chako mwenyewe, aghalabu chombo ndicho kilichoelemewa; ikiwa kwako yaenda vyema na wenzako walalamika, tazama mtandao.

Mushkili ukiwa wa mtandao, dawa ni kupunguza ukubwa wa picha. Picha ya 720p ina pikseli 1,280 kwa 720, na ile ya 360p ina 640 kwa 360, yaani robo yake kamili. Na katika kisanduku kidogo cha mkutano ni wachache watakaoitambua tofauti. Katika Zoom huondolewa alama ya `HD` katika mipangilio ya video. Katika WhatsApp huwashwa `Use less data for calls`.

Mathalani, mwalimu aliyeko Tanga anahojiwa na jopo lililoko Nairobi, naye atumia intaneti ya simu yake, amelipa dirisha kisogo, amefifisha nyuma, na `HD` imewashwa. Aanze kwa kuigeuza meza ili dirisha liwe mbele yake, kisha ainue kompyuta. Ukuta wake ukiwa mtupu, hana haja ya kufifisha, basi na akuzime. Ndipo aiondoe `HD`, na awaombe wa nyumbani wanaotazama filamu kwa intaneti iyo hiyo wasubiri. Simu aisogeze dirishani ili ishike mtandao vyema, kwani aghalabu kupeleka picha ni kuzito kuliko kuipokea, na maneno yake hukatika huko Nairobi hali yeye awasikia wenziwe barabara. Sauti yake ikizidi kukatika, awaarifu wajumbe, azime kamera bila ya kusitasita, na aendelee kujibu, kwa sababu sauti huhitaji chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, ambapo picha ya wastani huhitaji 600 hivi, na jopo laweza kumpima mtu lisiyemwona, bali si mtu ambaye nusu ya jibu lake haikufika.