Kuhamisha mchezo

Kuhamisha mchezo ni kupeleka mpira upande wa pili wa uwanja kwa pasi ndefu ya mshazari. Simba na Yanga, zote za Dar es Salaam, huhitaji sana mbinu hii, maana wageni wengi wa Ligi Kuu huja huko kupaki basi. Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68. Mabeki waliobanana hulinda kama nusu yake. Viungo hupigiana pasi fupi kulia hadi wapinzani wavutwe huko, ndipo beki wa kati anampigia winga wa kushoto. Beki wa pembeni wa wapinzani akimkimbilia, huacha mwanya nyuma ya bega lake, na kiungo hupenya hapo. Mpira ukielea mno hewani, ukuta hujipanga upya kabla winga hajautuliza.