Kenya: Jina la mtoto aliyeasiliwa huamuliwa kabla ya amri ya mahakama

Nchini Kenya, mtoto anapoasiliwa, jina atakaloitwa maisha yake yote huandikwa katika amri ya Mahakama Kuu, na kila hati inayofuata hulinakili kutoka huko. Kwa sababu hiyo, familia inayotaka kuasili hulazimika kuamua mapema: mtoto abaki na jina alilozaliwa nalo, achukue jina la familia mpya, au abebe yote mawili. Wengi hulifikiria suala hilo baada ya hukumu, wakati kulirekebisha kumekwisha kuwa na gharama.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001. Amri ya kuasili humfanya mtoto awe, mbele ya sheria, sawa na aliyezaliwa na wazazi wake wapya, pamoja na haki ya kurithi. Hili ni muhimu kulielewa kabla ya kuzungumzia majina, kwani baadhi ya wazazi huamini kwamba mtoto asipochukua jina la ukoo wao ndugu zao watamnyima urithi. Haki hiyo hutokana na amri yenyewe. Mtoto anayeendelea kuitwa kwa jina la baba yake mzazi hapungukiwi na kitu, na mtoto aliyepewa jina la ukoo bila amri ya mahakama hapati hadhi ya kuasiliwa kwa kupewa jina hilo tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvulana wa miaka minne ana cheti cha kuzaliwa chenye majina Brian Otieno Ouma. Otieno ni jina wanalopewa Waluo wavulana waliozaliwa usiku, na Ouma ni jina la baba yake mzazi. Wanaotaka kumwasili ni mume na mke wanaotumia jina la Mutua.

Njia ya kwanza ni kuacha majina yote matatu kama yalivyo. Hapo mtoto hapotezi chochote, lakini kila mara wazazi watakapomwandikisha shuleni au kumsafirisha, watu watauliza kwa nini jina lake halifanani na lao, na itabidi waoneshe cheti cha kuasili. Njia ya pili ni kuyafuta yote na kuanza upya, tuseme Daniel Mutua. Wazazi wa mtoto mchanga huipenda njia hii, na kwa mtoto wa miezi michache haileti mtikisiko. Lakini mvulana wa miaka minne hugeuka anaposikia "Otieno". Kumwambia kwamba sasa yeye ni mtu mwingine ni kumwondolea kitu pekee alichokuja nacho.

Njia ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo bora kwa mtoto aliyekwisha kulijua jina lake, ni kuunganisha: Brian Otieno Mutua. Jina analoitwa linabaki, jina la kuzaliwa usiku linabaki, na jina la mwisho linamweka katika familia mpya. Kinachoondoka ni Ouma. Hapa wazazi wanapaswa kujiuliza swali ambalo watu wachache hulifikiria: je, mtoto ana ndugu wa damu waliopelekwa kwingine? Ikiwa wapo, huenda jina la baba ndilo uzi pekee watakaoufuata kutafutana wakiwa watu wazima, na inafaa kufikiria Brian Ouma Mutua badala yake.

Hali ni tofauti kwa mtoto aliyeokotwa. Jina lake mara nyingi lilitolewa na wauguzi, polisi au makao ya watoto, na halielekezi kwa ukoo wowote. Kulihifadhi ni kuhifadhi kumbukumbu ya mahali alipopatikana, jambo lenye thamani yake, lakini halipaswi kuchukuliwa kama jina la jamaa zake. Wazazi wanaweza kuliacha kama jina la kati au kuliweka tu katika kumbukumbu za nyumbani. Kwa familia za Kiislamu, hasa za pwani, suala lina sura nyingine kabisa: mafundisho ya dini yanataka mtoto aendelee kunasibishwa na baba yake mzazi, kwa hiyo wengi hufuata kafala, yaani malezi yasiyobadilisha nasaba wala jina.

Uamuzi ukishafikiwa, jina jipya hutajwa katika maombi yanayopelekwa mahakamani. Jaji husoma ripoti, ikiwemo ya mlezi aliyeteuliwa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi hiyo, na akiridhika hutoa amri inayosema kwamba tangu sasa mtoto atajulikana kwa majina fulani. Amri hiyo pia humwelekeza Msajili Mkuu aingize majina hayo katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa. Kutokana na rejista hiyo hutolewa cheti cha kuasili, ambacho hutumika mahali pa cheti cha kuzaliwa.

Ingizo la zamani katika rejista ya vizazi halifutwi. Huwekewa alama kwamba mtoto ameasiliwa. Kumbukumbu inayounganisha ingizo hilo na lile jipya hutunzwa na Msajili Mkuu, lakini haiko wazi kwa umma, na hufunguliwa kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo mzazi anayefuta jina la zamani asidhani kwamba limepotea duniani. Limefungiwa tu mahali ambapo mtoto mwenyewe atapata taabu kulifikia.

Makosa mengi huingia katika siku chache kati ya hukumu na kutolewa kwa amri iliyochapwa. "Otieno" huandikwa "Otiende", au mpangilio wa majina hugeuzwa. Wazazi wanashauriwa kusoma rasimu ya amri herufi kwa herufi pamoja na wakili kabla haijatiwa muhuri, wakiilinganisha na maombi waliyowasilisha. Kosa likigunduliwa baada ya cheti kutoka, ofisi ya usajili haiwezi kuandika kinyume cha amri. Itabidi kurudi mahakamani kuomba amri irekebishwe, kisha rejista, kisha cheti.

Baada ya hapo kila hati ifuate cheti kimoja: kadi ya kliniki, bima ya afya, pasipoti na kumbukumbu za shule. Shule ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtoto huendelea kuitwa Brian Ouma katika daftari la mahudhurio, mwalimu humwandikisha kwa mtihani wa taifa kwa jina hilo, na akifikisha miaka 18 na kuomba kitambulisho hugundua kwamba cheti cha mtihani na cheti cha kuasili vinaonekana kuwa vya watu wawili. Dalili ya mapema ni ripoti ya muhula: jina lililopo hapo likitofautiana na la cheti cha kuasili, mwalimu mkuu aoneshwe cheti kabla ya usajili wa watahiniwa.

Mtoto akikua na kutaka jina aliloondolewa, mlango haujafungwa. Mtu mzima nchini Kenya anaweza kubadili jina kwa hati maalumu inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hatua hiyo haigusi uhusiano wake na wazazi waliomwasili: anayerudi kuitwa Ouma anaendelea kuwa mtoto wa akina Mutua na mrithi wao.