Kipimo ni kimoja, bima yakipa majina mawili

Kampuni nyingi za bima nchini hutaka idhini iombwe kabla ya mgonjwa kupigwa picha ya MRI au kupimwa jeni, isipokuwa wakati wa dharura. Linaloamua malipo ni sababu ya kipimo.

Mwanamke aliyethibitishwa kuugua saratani ya matiti akipimwa jeni za BRCA1 na BRCA2 ili daktari amchagulie dawa, hayo huhesabiwa kuwa matibabu. Dadake asiye na dalili akipimwa vivyo hivyo, bima hukiita kipimo hicho uchunguzi wa mapema, ambao mikataba mingi hailipii.

Ndiposa fomu yapasa kutaja dalili, matokeo ya awali na jinsi jibu litakavyobadilisha tiba. Neno "uchunguzi" likiandikwa pekee, hata mwenye uvimbe aweza kunyimwa idhini.